Mteja hakutokea Jumamosi, na oda ya wapambe iko mikononi mwake

*Anti mbukwenyi. Mimi ni msusi, nina fremu ndogo Nkuhungu hapa Dodoma. Kuna dada mmoja anafanya kazi huko Mtumba wizarani, aliomba nimsuke Jumamosi ya tarehe 16, rasta ndogo za kufika kiunoni, 70,000. Nikamwandikia wasap "dada basi Jumamosi 2:00" akajibu "sawa". Nikanunua rasta zake rangi ya damu ya mzee kwa hela yangu, nikamwita na msaidizi, nikarudisha wateja wawili. Hakutokea. Nimempigia mara sita kuanzia saa 2 mpaka saa 5 hapokei, saa 6 nikafunga nikaondoka zangu. Mpaka leo Jumatatu meseji zangu ziko tiki mbili za kijivu.*

*Shida ni kwamba huyu dada ndo anasimamia sendofu ya mdogo wake tarehe 5 mwezi wa 6, na kashanilipa 50,000 niwasuke wapambe watano, 40,000 kila mmoja, tarehe 3 na 4. Nikimwambia ukweli naogopa atahamisha wale wote. Nikinyamaza naona ananizoea. Rafiki yangu ananiambia nikate 20,000 kwenye ile hela yake iwe fidia, alafu niweke ka statasi atajijua. Nimeandika meseji hii sijaituma bado: "Dada Jumamosi nilikusubiri mpaka saa 6 hukutokea wala kupokea simu, nimepoteza wateja wengine kwa ajili yako. Siku nyingine kama huji uwe unasema." Naomba ushauri nifanyeje.*

*Msusi wa Nkuhungu*

Mbukwa mdogo wangu. Hiyo meseji usiitume, ila usiifute kwanza, tutairudia hapa chini.

Nianze na hiyo "2:00" yako. We ulimaanisha saa mbili asubuhi, sawa, ila huyo dada ni mtu wa ofisini, na simu yake yenyewe ikifika saa nane mchana inamwandikia 2:00. Kwaiyo inawezekana kabisa alisoma saa nane mchana, asubuhi yote akawa anafua na simu iko chumbani kwenye chaji, alafu saa nane akaja akakuta kufuli. Sisemi ndo ilivyokuwa. Nasema kama ndo ilivyokuwa basi sa hivi ye ndo anayekasirika, anakuona we ndo uliyemkimbia na hela ya wapambe umeshika, na hiyo meseji yako ikimfika anaanza kutafuta msusi mwingine jioni hiyohiyo. Kwaiyo kabla ya chochote muulize jirani wa fremu, yule anayekaa mlangoni mchana kutwa, lazima yupo, kama Jumamosi mchana kuna mtu alikuja kukuulizia. Akikwambia ndiyo, unaanza na samahani ya muda ulivyoandika, fupi tu, alafu unaendelea kama ntakavyoeleza. Akisema hakuona mtu, bado hujui kitu, maana hata jirani kuna muda anaenda kula.

Na hapo kwenye kutojua ndo pa kukaa. Hujui kwanini hakuja, kwaiyo meseji yako inatakiwa iwe ya kweli na isiyochoma kwa sababu yoyote ile itakayokuja kutokea. Mi hua nazipitia moja moja kichwani. Ya kwanza kasahau, basi. Ya pili kaitwa kazini, na huu ni mwezi wa tano, bunge la bajeti linaendelea, wizarani mtu anaweza kuitwa hata Jumamosi kuna majibu yanatakiwa yaandaliwe, na kwenye kikao simu ipo kwenye mkoba haina sauti. Ya tatu ni msiba au mgonjwa. Ya nne ndo hiyo ya saa nane mchana. Ya tano, na hii wasusi wengi hawaifikirii, ni hela. Angalia tarehe: ilikuwa 16, mshahara wa serikali unaingia kuanzia tarehe ishirini na kitu, na huyu mtu juzijuzi tu katoa 50,000 ya wapambe, achilia mbali michango ya sendofu na kitambaa cha sare. Jumamosi inafika hana 70,000 mkononi, kukwambia "sina" anaona aibu maana we unamjua ni mtu wa Mtumba, anaamua asipokee. Mtu wa namna hii hajakudharau, kajificha, na ukimsukuma aeleze sababu ndo anajificha zaidi.

Sasa chukua meseji yako uipitishe kwenye hizo sababu tano. Ikimkuta kasahau ataomba msamaha huku kanuna. Aliyekuwa kazini atajitetea. Mwenye msiba hatakusahau maisha yake yote. Aliyekuja saa nane atakujibu kwa hasira na ana haki, asiye na hela atakublok. Yaani hakuna hata mmoja ambaye baada ya kuisoma atasema "haya nipangie siku nyingine", na hicho ndo ulichokuwa unakitaka. Hao wateja wawili uliorudisha ni kweli uliwarudisha, ila hiyo ni hesabu yako ya ndani, ye kuijua hakukurudishii kitu.

Mi ningeandika hivi:

"Dada habari za tangu juzi, natumaini nyumbani wote ni wazima. Jumamosi hatukuonana, nikaona nikujulie hali. Rasta zako za damu ya mzee ninazo nimekuwekea. Nafasi za asubuhi nilizonazo ni Jumamosi hii tarehe 23 au Jumamosi ya tarehe 30, zote saa 2 asubuhi, tunamaliza mchana. Nikuandike ipi?"

Isome polepole uone. "Hatukuonana" ni kweli kwa vyovyote, hata kama alikuja akakuta umefunga. Hujamuuliza kwanini, kwaiyo akitaka kueleza ataeleza mwenyewe na asipotaka anaruka moja kwa moja kwenye tarehe. Umemtajia rasta zake ili ajue kuna kitu cha kwake kimeshaandaliwa, hapo atajua mwenyewe kwamba ulijiandaa, hakuna haja ya kumpigia hesabu. Tarehe ni mbili tu, na ya 30 nimeiweka makusudi, mshahara utakuwa umeshaingia na ni siku sita kabla ya sendofu, nywele zitakuwa mpya siku ya shughuli, kwaiyo asiye na hela anapata mlango wa kupita bila kusema hana hela. Na swali la mwisho analijibu kwa neno moja hata akiwa kwenye daladala.

Usiweke "samahani kwa usumbufu" mwanzoni. Najua tumezoea, ila hapo unaomba msamaha wa kitu gani, na ukianza hivyo mteja anaona we ndo mwenye deni. Na usitume voisi. Sauti yako bado ina hasira ya Jumamosi hata ukichagua maneno, na mtu akiona voisi ya dakika mbili kutoka kwa mtu aliyemkwepa anaiacha hapohapo bila kuisikiliza.

Umesema tiki mbili za kijivu. Hiyo ina maana meseji imefika kwenye simu yake, ila kuna watu wamezima zile tiki za bluu kwaiyo inaweza kuwa kasoma au hajasoma, usijenge kesi hapo. Ingekuwa tiki moja ningekwambia tuma meseji ya kawaida maana huenda hana bando. Hii tuma wasap leo jioni, kati ya saa 11 na saa 1 usiku, mtu katoka Mtumba yuko njiani au kashafika nyumbani. Asubuhi ya Jumatatu hakuna anayefikiria nywele.

Kuna kitu kingine: kwenye hiyo meseji sijagusa wapambe kabisa. Acha hivyohivyo. Ukichanganya mambo mawili, ye atasikia kwamba unahofia ile hela ya wapambe, au mbaya zaidi atasikia unaitumia kumbana. Kichwa chake bado kinaona hiyo oda iko salama, mtu aliyekutumia 50,000 hajaondoka, we ndo unamhamisha kichwani mwako kabla hajahama.

Na ndo maana nakataa hiyo habari ya kukata 20,000. Ile hela aliitoa kwa kazi ya tarehe 3 na 4, ni robo ya 200,000, na hakuna siku ulimwambia kwamba akikosa siku yake mwenyewe utakata humo. Utaikataje leo? Siku ya kulipa 150,000 iliyobaki ukimwambia bado 170,000 mbele ya mdogo wake na wapambe, hiyo ni vurugu kwenye sendofu ya watu. Kama unataka kulinda muda wako, na unapaswa kuulinda, weka kishika nafasi kuanzia kwenye hii tarehe mpya, mbele sio nyuma. Akijibu tu "tarehe 30", unamwandikia:

"Sawa dada, Jumamosi tarehe 30 saa 2 asubuhi. Kwa rasta ndefu sa hivi nafasi naishika kwa 15,000, inatoka kwenye ile 70,000 kwaiyo siku hiyo utamalizia 55,000. Ikitokea umebanwa niambie mpaka Ijumaa saa 12 jioni, naihamishia siku nyingine."

Ila iwe kweli, uitoze kwa kila mtu wa rasta ndefu na sio yeye tu. Wapambe wataongea, na akijua ye peke yake ndo katozwa ataona adhabu. Akikwambia "nitakupa mshahara ukiingia", mkubalie, mwambie utamwandika tarehe 30 hela ikiingia, na mpaka hapo nafasi iko wazi kwa mwingine. Hilo ni la kweli na halina ukali wowote. Nikuongezee kwenye rasta: nyeusi ya kawaida ukiachiwa unasukia mtu mwingine wiki hiyohiyo, ila damu ya mzee inaweza kukaa kabatini mwezi mzima. Rangi zisizo za kila siku mteja alipie kabla hujanunua, hiyo nayo iwe ya wote.

Statasi ndo usijaribu kabisa. We fikiria nani anaangalia statasi zako. Yeye, mdogo wake, wale wapambe, na hao wateja wawili uliowarudisha. Ukiandika "kuna watu hawajui thamani ya muda wa wenzao" kila aliyewahi kuchelewa hata nusu saa anajua ni yeye, na yule uliyemlenga huenda akasema mbona sio mimi. Na usimtafute kupitia kwa mdogo wake pia. Bibi harusi mtarajiwa akisikia kuna shida na msusi ataanza presha na kuuliza wengine, na oda inaondoka bila hata dada mtu kujua.

Akijibu je. Akianza na "samahani mdogo wangu nilibanwa", usimwambie "hamna shida kabisa" mara tatu kama tunavyopenda, mwambie "nimekuelewa dada" alafu nenda kwenye tarehe. Hamna shida ikizidi anaamini kweli hakuna shida, na tarehe 30 utafungua fremu mwenyewe tena. Akikwambia kuna msiba, hapo tarehe, rasta, kishika nafasi vyote vinaondoka kwenye meseji. Unaandika pole tu, unauliza kama kuna namna ya kufika, na unakaa kimya mpaka wamalize tanga. Hata oda ya wapambe usiiulize, kama sendofu inasogezwa watakwambia wenyewe, na we kwa upande wako usinunue kitu kwa ajili yao mpaka usikie. Akikwambia alikuja saa nane akakuta umefunga, usianze kubishana na skrinshoti, "dada nimeelewa, mimi nilimaanisha saa 2 asubuhi na niliandika vibaya, nisamehe, tuchague siku". Umefungua fremu asubuhi yeye kaja mchana, wote mmepoteza siku, yameisha.

Asipojibu kabisa. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanatuma "dada?" alafu "mbona kimya" alafu alama za maswali tatu. We usiulizie tena habari ya Jumamosi, hiyo umeshaisema mara moja inatosha. Subiri mpaka Jumatano jioni, alafu uje na swali la kazi ya wapambe ambalo kweli unahitaji jibu lake:

"Dada habari za jioni. Ijumaa naenda kununua rasta za wapambe. Nina wapambe watano, rangi nyeusi, tarehe 3 na 4. Bado ni hivyohivyo au kuna kilichobadilika?"

Hii ni rahisi kujibu hata kwa mtu mwenye aibu, maana hamuongelei yeye. Mara nyingi mtu anajibu hapa "ni hivyohivyo mdogo wangu, na samahani ile Jumamosi", lenyewe linakuja bila kuvutwa. Ukiona kimya tena mpaka Alhamisi, piga simu moja saa 11 jioni kwa namba yako ileile anayoijua, iite mpaka ikatike, usirudie. Misikoli sita za Jumamosi zilishatosha, na mimi nisingependa kufungua simu nikute mtu kaniita mara sita, ningedhani kuna mtu kafa. Ijumaa usinunue rasta za watu ambao hawajathibitisha, tuma ya mwisho: "Dada, tarehe 3 na 4 nawashikia wapambe mpaka Jumapili saa 12 jioni, nikipata neno lako nanunua rasta Jumatatu. Nisipokupata nitazifungua siku hizo kwa wengine, na hela yako 50,000 iko salama." Hapo kweli fungua ikifika Jumapili saa 12, usiseme alafu usifanye. Na hela ukiwa hujanunua kitu mrudishie yote kwenye namba ileile aliyotumia, meseji ya muamala uitunze. Ungekuwa umeshanunua ningesema kata bei ya rasta na rasta zenyewe mpe, lakini hujanunua. Dodoma saluni ni nyingi ila watu wa wizarani wanapeana namba za wasusi ofisini, 50,000 ya mabishano itakula zaidi ya hiyo.

Kitu cha mwisho ni hizo tarehe mpya na wateja wengine wote. Andika siku, tarehe na kipande cha siku, "Jumamosi tarehe 30 saa 2 asubuhi", usiandike tena 2:00 na usiandike "Jumamosi ijayo" maana kuna anayehesabu hii na kuna anayehesabu inayofuata. Jioni ya kabla yake, saa 12 hivi, mkumbushe kwa meseji inayotaka jibu: "Dada kesho saa 2 asubuhi, njoo umeshaosha na kukausha nywele, nijibu nimwambie msaidizi aje." Asipojibu usiku huo msaidizi usimwite, na asubuhi ukipata mteja mwingine mchukue. Ikifika saa 2 na robo hajaonekana unaandika moja, "Dada uko njiani au tusogeze?", na kumpigia mara moja. Ikifika saa 3 unamwambia kwa leo rasta ndefu haitaisha kwa wakati, ila unaweza kumpangia siku nyingine, alafu unashika kazi nyingine. Yaani kufika saa 3 unajua siku yako ikoje, hufiki saa 6 umekaa mlangoni unaangalia simu.

Na huyo dada, kama atakosa na tarehe 30 vilevile bila neno, ile 15,000 haihamishwi tena, na ya tatu analipa yote 70,000 ndo unamwandika. Hilo usimwambie sa hivi.